Saa 2 Asubuhi, Mara Tano
Tangazo la kikao lilisema "saa 2 asubuhi", nami nikaiagiza programu ya akili mnemba: "Andika ratiba kwa mtindo wa saa 24." Ikatoa 08:00, sawasawa. Ningeishia hapo ningeumbuka. Nilirudia agizo lilelile mara nne zaidi, kila mara kwenye mazungumzo mapya ili isiige jibu lililotangulia. Mawili yakatoka 02:00, yaani saa nane za usiku, wajumbe wamelala! Daftarini nikaandika agizo neno kwa neno, tarehe, na 3/5. Kisha nikaongeza sentensi moja tu: "Saa ni za Kiswahili, saa 1 asubuhi ni 07:00." Safari hii 5/5. Ningebadilisha maneno mengine pia, nisingejua lipi limesaidia. Ila majaribio matano ni machache, na programu ikisasishwa napima upya.