Insha Nyepesi na Tuhuma ya Mashine

Mzazi mmoja wa Nyamasaria, Kisumu, auliza kwa nini insha ya Kiingereza ya mwanawe, aliyoitunga mwenyewe, ilidaiwa kuwa kazi ya mashine. Chombo kipimacho insha hakimjui mtungaji. Aghalabu hupima jinsi kila neno linavyokisika kutokana na yaliyolitangulia. Mtoto aelezapo kwamba babake huenda ziwani kuvua, neno "samaki" hukisika mara moja. Na yakikisika mengi mfululizo, chombo hutuhumu mashine. Ndivyo aandikavyo mara nyingi mwenye msamiati mchache. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vyombo saba kwa insha 91 za wanafunzi wasiozaliwa na Kiingereza: kwa wastani, zaidi ya nusu zilisingiziwa. Mwalimu na aitishe daftari la rasimu.