Dau Moja Lililokatwa Mara Mbili: Hesabu ya Handikapu ya Robo

Katika ubashiri wa kawaida wa mpira wa miguu, ambao kwenye mikeka huandikwa 1X2, mbashiri huchagua moja kati ya matokeo matatu, yaani mwenyeji kushinda, timu kutoka sare au mgeni kushinda. Pale timu moja inapoizidi nyingine kwa mbali, odi yake, ambayo ni namba inayozidishwa na dau ili kupata malipo, huweza kushuka hadi 1.15, kiasi kwamba dau la shilingi 10,000 huzaa faida ya 1,500 tu. Handikapu ilibuniwa ili kuziba pengo hilo: kabla mpira haujaanza, kampuni ya kubeti huikata mabao timu yenye nguvu au humwongezea mabao mnyonge, kisha tiketi huamuliwa kwa matokeo yaliyorekebishwa hivyo, si kwa yale yanayosomeka kwenye ubao wa uwanjani.

Handikapu zenyewe ni za aina mbili, na kuzichanganya ndiko chanzo cha malalamiko mengi. Ya kwanza, ambayo mara nyingi huandikwa 0:1 au 0:2, bado ina machaguo matatu, kwa hiyo aliyempa ushindi mwenye nguvu kwa 0:1 hupoteza dau lote iwapo timu hiyo itashinda kwa tofauti ya bao moja, kwa sababu baada ya marekebisho mchezo huhesabiwa kuwa ni sare, na sare hapo ni chaguo la mtu mwingine. Ya pili ni handikapu ya Kiasia, iliyozoeleka kwa wabashiri wa Asia ya Kusini-Mashariki kwa jina la hang cheng kabla mwandishi wa habari wa Uingereza, Joe Saumarez Smith, hajaipa mwaka 1998 jina ambalo leo husomeka kwenye simu kama `Asian Handicap`. Hii huliondoa chaguo la sare kabisa, ikabakiza pande mbili tu.

Sare huondolewa kwa namna inayotegemea namba iliyoandikwa. Ikiwa ni nusu, kwa mfano -0.5 au -1.5, hakuna timu inayofunga nusu bao, hivyo lazima upande mmoja ushinde na mwingine upoteze. Ikiwa ni namba kamili, kwa mfano -1.0, ushindi wa bao moja barabara huleta usawa baada ya marekebisho, na dau hurudishwa kwa mwenyewe bila faida wala hasara. Katikati ya hizo mbili ndipo hukaa robo, yaani namba zinazoishia na .25 au .75, na hapo ndipo wengi hupotea njia, kwa kuwa hudhani kwamba kuna robo ya bao inayohesabiwa mahali fulani. Hakuna hesabu ya namna hiyo. Handikapu ya robo ni tiketi mbili zilizofungwa pamoja: dau hukatwa nusu kwa nusu, nusu moja ikawekwa kwenye namba iliyo chini ya robo hiyo na nusu nyingine kwenye namba iliyo juu yake, na kila nusu ikaamuliwa peke yake kwa odi ileile.

Mchezo wa Yanga na Simba wa tarehe 20 Aprili 2024, uliomalizika kwa Yanga kushinda 2-1, unafaa kuonyesha jambo hilo. Chukulia kwamba mbashiri aliipa Yanga -0.75 kwa dau la shilingi 10,000 na odi ya 1.90, odi ambayo hapa imewekwa kwa ajili ya hesabu tu. Shilingi 5,000 zingekuwa kwenye -0.5, na kwa kuwa Yanga ilishinda, zingelipa 9,500. Shilingi 5,000 nyingine zingekuwa kwenye -1.0, na kwa kuwa tofauti ilikuwa bao moja barabara, zingerudi kama zilivyo. Jumla ni 14,500, si 19,000, na huu ndio unaoitwa ushindi wa nusu. Mtu asiyejua mgawanyo huo huona amepunjwa 4,500, ilhali kampuni imelipa sawasawa na alichokubali wakati wa kuweka dau. Yanga ingeshinda kwa tofauti ya mabao mawili, nusu zote mbili zingelipa. Ingetoka sare, zote mbili zingepotea.

Upande wa pili wa mchezo huohuo husomwa kinyume chake. Aliyeipa Simba +0.75 angekuwa na nusu kwenye +0.5, ambayo kwa 2-1 ingepotea, na nusu kwenye +1.0, ambayo ingerudishwa, kwa hiyo angebaki na shilingi 5,000. Kwa handikapu ya 0.25 kinachoamua si tena ushindi wa bao moja bali sare yenyewe: -0.25 hugawanywa kati ya 0 na -0.5, hivyo sare humpotezea mbashiri nusu ya dau, na +0.25 hugawanywa kati ya 0 na +0.5, hivyo sare humpa ushindi wa nusu.

Mgawanyo huu hupunguza makali ya kupoteza, lakini hauondoi sehemu ambayo kampuni hujikatia ndani ya odi. Tuseme uwezekano halisi wa timu kushinda kwa mabao mawili au zaidi ni asilimia 30, kushinda kwa bao moja ni asilimia 25, na kutoka sare au kufungwa ni asilimia 45. Kwa -0.75 na odi ya 1.90, ushindi kamili huleta faida ya 9,000, wa nusu huleta 4,500, na kupoteza huchukua 10,000. Kila kimoja kikizidishwa na uwezekano wake, wastani ni 2,700 kujumlisha 1,125 kutoa 4,500, yaani hasara ya shilingi 675 kwa kila dau la 10,000. Odi isiyompendelea yeyote hapo ingekuwa takriban 2.06.

Mambo mawili zaidi huwaponyoka hata wazoefu. Kwanza, handikapu ya Kiasia inayowekwa mpira ukiwa unachezwa, kwa kanuni za kampuni nyingi, huhesabu mabao yanayofungwa baada ya dau kuwekwa tu, kana kwamba ubao unasoma 0-0 wakati huo. Anayeipa -0.25 timu inayoongoza 1-0 katika dakika ya 60, na mchezo ukaisha vivyo hivyo, hupoteza nusu ya dau ingawa timu yake imeshinda. Ni kanuni inayowachanganya watu kuliko robo yenyewe, na inafaa isomwe kabla ya kubonyeza chochote.

Pili ni mkeka wa mechi nyingi. Mechi iliyoshinda nusu kwa odi ya 1.90 haiingii kwenye kuzidisha kama 1.90 bali kama 1.45, na iliyopoteza nusu huingia kama 0.5. Mkeka wa mechi tatu, kila moja ikiwa na odi ya 1.90 na dau likiwa 10,000, ungelipa 68,590 kama zote zingeshinda kamili; mbili zikishinda kamili na ya tatu ikapoteza nusu, mkeka hauchaniki, ila hulipa 18,050.