Tangazo la Kikhmer: Maneno Yaliyoshikana na Herufi Zilizokaa Chini

Kila mwaka, katikati ya Aprili, maduka mengi ya Phnom Penh hufungwa kwa siku chache. Ni sikukuu ya mwaka mpya wa Wakhmer, na wenye biashara huwatangazia wateja kwa mistari miwili mitatu inayobandikwa mlangoni au kutumwa kwenye simu. Nimetunga tangazo moja la namna hiyo ili tulitazame kwa karibu:

```
សេចក្ដីជូនដំណឹង
ហាងយើងខ្ញុំនឹងឈប់សម្រាកពីថ្ងៃទី១៤ដល់ថ្ងៃទី១៦ ខែមេសា។ សូមអរគុណ។
```

Maana yake ni hii: "Tangazo. Duka letu litafungwa kwa mapumziko kuanzia tarehe 14 hadi tarehe 16, mwezi wa Aprili. Asanteni."

Mtu aliyezoea herufi za Kilatini akipewa maandishi haya ayapange na kuyachapa, jambo la kwanza litakalomsumbua ni kwamba maneno yameshikana. Ataona kama mwandishi alisahau kuacha nafasi, na huenda akaanza kuyatenganisha mwenyewe. Zile herufi ndogo zilizokaa chini ya herufi nyingine ataziona kama mapambo tu. Kote kuwili amekosea. Kushikana kwa maneno ndiyo kanuni ya Kikhmer, na makosa mengi yanayoharibu tangazo hutokea kwenye zile herufi za chini.

Tuanze na kushikana. Kutoka ហាង, yaani duka, hadi ១៦, yaani 16, hakuna nafasi hata moja, ingawa ndani yake mna maneno na namba zipatazo 13. Mkhmer huacha nafasi pale ambapo msemaji angetua kidogo: baina ya vifungu vya sentensi, kando ya jina la mtu, na baada ya alama ។ ambayo ndiyo nukta yao. Akiisoma sentensi yetu, jicho lake hutambua ហាង, kisha យើងខ្ញុំ, kisha នឹង, bila shida yoyote. Ukimtilia nafasi baada ya kila neno, sentensi itakuwa ya kudondokadondoka. Ukiitia nafasi mahali pasipo pake, kwa mfano katikati ya សម្រាក ambalo ni neno la kupumzika, utabaki na ស pekee yake na kipande ម្រាក kisicho na maana.

Sasa, kama maneno yameshikana, kompyuta itajuaje pa kukata mstari unapofika ukingoni mwa karatasi? Hapa ndipo penye kazi. Njia ya zamani ni kuweka baina ya maneno nafasi isiyoonekana, ambayo katika orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, Unicode, ina namba U+200B. Haina upana wowote. Kazi yake ni kuiambia programu kwamba hapa unaweza kukata. Kwenye mpangilio wa kibodi wa Kikhmer uitwao NiDA, ukibonyeza kitufe kirefu cha nafasi unapata hiyo isiyoonekana, na ukitaka nafasi ya kuonekana unabonyeza kitufe hicho pamoja na Shift. Mtu aliyejifunza kuchapa kwa njia hiyo hutenga maneno yake vizuri bila msomaji kuona chochote.

Njia ya pili ni kuiachia programu ikate yenyewe kwa kamusi iliyomo ndani yake. Simu na vivinjari vingi vya siku hizi hufanya hivyo, na kwa maneno ya kawaida hufaulu vizuri. Lakini kamusi hailijui jina la duka lako. Jina jipya la biashara, au neno la kigeni lililoandikwa kwa Kikhmer, laweza kukatwa vipande viwili, kimoja mwisho wa mstari na kingine mwanzo wa mstari unaofuata. Na programu isiyo na kamusi kabisa huiona sentensi nzima kama neno moja refu: ama huisukuma yote chini na kuacha pengo kubwa juu, ama huikata popote inapogonga ukingo. Basi ukiona bango la Kikhmer lenye pengo la ajabu mwisho wa mstari, jua kwamba nafasi zisizoonekana zimepotea njiani, pengine maandishi yalipohamishwa kutoka programu moja kwenda nyingine.

Tuje kwenye zile herufi za chini, ambako ningependa tukae zaidi.

Kila konsonanti ya Kikhmer inakuja na irabu yake ndani. Ukiandika konsonanti mbili sambamba, kwa kawaida msomaji ana haki ya kutamka irabu baina yake. Lakini Kikhmer kina maneno mengi yanayoanza kwa konsonanti mbili zilizoshikamana, kama ខ្ញុំ, mimi, na ថ្ងៃ, siku. Ili kuonyesha kwamba hakuna irabu katikati, konsonanti ya pili huandikwa kwa umbo dogo chini ya ya kwanza. Wakhmer wenyewe huiita *cheung*, mguu. Karibu kila konsonanti ina mguu wake, na mingine haifanani kabisa na herufi inayoiwakilisha. Mguu wa រ, ambayo ni "r", haukai hata chini: huzunguka na kusimama upande wa kushoto, kama unavyouona katika ម្រ ya neno សម្រាក.

Kwenye kompyuta, miguu hii haina namba zake yenyewe. Kikhmer kilipoingizwa katika Unicode mwaka 1999, iliamuliwa kwamba mguu utaandikwa kwa alama maalumu, U+17D2, ikifuatiwa na konsonanti ya kawaida. Neno "siku" kwa hiyo linahifadhiwa hivi:

```
ថ្ងៃ = U+1790 U+17D2 U+1784 U+17C3
```

Ya kwanza ni ថ, ya pili ni ile alama inayosema "kinachofuata ni mguu", ya tatu ni ង, na ya mwisho ni irabu ៃ. Irabu hiyo huonekana kushoto kabisa ya neno, lakini huchapwa mwisho, kwa sababu kinachofuatwa ni mpangilio wa kutamka. Kazi ya kulipanga neno liwe na umbo lake sahihi inafanywa na programu pamoja na fonti.

Programu isiyojua kazi hiyo italivunja neno. Badala ya ង ndogo chini ya ថ, utaona ង nzima imesimama pembeni, na kwenye nafasi ya mguu kumebaki kialama mfano wa msalaba mdogo. Hili ndilo kosa ambalo hata asiyejua Kikhmer anaweza kuligundua, maana kialama kile hakitakiwi kuonekana kamwe kwenye maandishi yaliyokamilika. Ukikiona kwenye bango lililosanifiwa, maandishi yenyewe huenda ni mazima. Kinachohitaji kurekebishwa ni programu ya usanifu, ambayo lazima iwekwe katika hali ya kupanga maandishi changamani ya Asia, au ibadilishwe.

Dalili nyingine ni duara la nukta nukta, ◌, linalojitokeza katikati ya neno. Hilo linasema kwamba alama fulani imekosa konsonanti ya kushikilia: mpangilio umevurugika. Wakati mwingine ni ile nafasi isiyoonekana imeingia kimakosa baina ya konsonanti na mguu wake. Mara nyingine chanzo ni mazoea ya zamani. Kabla ya Unicode kuenea, Kambodia ilitumia fonti kama Limon, ambazo zilipachika maumbo ya Kikhmer kwenye nafasi za herufi za Kilatini, na mchapaji aliyafuata kwa macho: kilicho kushoto kilichapwa kwanza. Mtu aliyejifunza hivyo huchapa irabu ya kushoto kabla ya konsonanti yake, na programu ya sasa humrudishia duara.

Lakini makosa yanayonisikitisha zaidi ni yale yasiyotoa dalili. Tazama neno "siku" tena, ថ្ងៃ. Badilisha mguu wake tu, weka ល mahali pa ង, na unapata ថ្លៃ, ambalo ni neno halali kabisa lenye maana ya bei. Kikagua tahajia hakitasema kitu, kwa kuwa maneno yote mawili yamo kwenye kamusi. Mteja anayesoma "kuanzia bei ya 14" ataelewa kilichokusudiwa, ila ataona pia kwamba duka hili halikumpa Mkhmer yeyote alisome tangazo lake kabla ya kulitoa.

Halafu kuna kosa ambalo jicho haliwezi kuliona. Kichwa cha tangazo letu ni សេចក្ដីជូនដំណឹង, na ndani yake mna mguu chini ya ក. Mguu huo waweza kuwa wa ដ, "d", au wa ត, "t", kwa kuwa miguu ya herufi hizo mbili ina umbo moja. Kwenye karatasi hakuna anayeweza kuitofautisha. Kwenye kompyuta ni vitu viwili mbalimbali:

```
ក្ដី  U+1780 U+17D2 U+178A U+17B8
ក្តី  U+1780 U+17D2 U+178F U+17B8
```

Kamusi ya mtawa Chuon Nath, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1938 na ambayo bado ndiyo rejea kuu ya tahajia ya Kikhmer, inaandika neno hili kwa ដ, sawa na linavyotamkwa. Wachapaji wengi wanatumia ត. Msomaji wa bango hapotezi kitu. Anayepata hasara ni mwenye duka mwenye matangazo mengi kwenye faili zake: akitafuta kwa tahajia moja, yale yaliyoandikwa kwa nyingine huenda yasitokee, na atadhani hayapo.

Neno ស្ត្រី, mwanamke, linaloonekana kwenye vibao vingi vya nguo za kike, lina tatizo la jamaa hiyo. Lina miguu miwili, wa "t" na wa "r". Kanuni ni kwamba wa "r" huja mwisho. Lakini kwa kuwa unaonekana kushoto, wengi huuchapa kwanza, na fonti nyingi zitachora umbo lile lile. Faili hilo hilo likifunguliwa kwa fonti nyingine, miguu inaweza kugongana au duara la nukta likatokea. Dawa ni kulifuta neno na kulichapa upya kwa mpangilio: ស, alama ya mguu, ត, alama ya mguu, រ, kisha irabu ី.

Ukipewa kazi ya kuchapa tangazo la Kikhmer, usitenganishe maneno, na usinakili maandishi kutoka faili la PDF, maana mpangilio wa herufi mara nyingi huvurugika humo. Omba faili la asili, na pamoja nalo picha ya tangazo lilivyoonekana kwenye skrini ya aliyeliandika, ili ulinganishe miguu, mmoja baada ya mwingine. Kisha mpe msomaji wa Kikhmer nakala ya mwisho kabisa, ile itakayoingia mtamboni, kwa sababu maandishi yaliyokuwa salama kwenye faili la kwanza yanaweza kuvunjika katika hatua ya usanifu. Aisome kwa sauti, aweke sahihi, ndipo uchape.