Pango la Daftarini: Jinsi Kompyuta Inavyochimba Bila Sururu

Msomaji mpenzi, huenda umewahi kucheza, au kumtazama mwenzako akicheza, mchezo wa kompyuta ambamo mtu anazunguka pangoni akitafuta ufunguo. Kila mchezo ukianza, pango ni jipya. Hakuna mchoraji aliyekaa akayachora mapango hayo yote. Kompyuta yenyewe huyachimba kwa hesabu ya kujumlisha tu. Lakini hesabu hiyo ina ila moja: yaweza kuufungia ufunguo katika chumba kisicho na mlango. Hapo mchezaji atazunguka mpaka macho yamwume, na ufunguo asiupate ng'o! Nitaeleza pango linavyochimbwa na kwa nini ni lazima likaguliwe mwishoni. Daftari la hesabu lenye miraba latosha kulifuata somo hili.

Mbinu yenyewe huitwa otomata ya seli. Ilianza na fikra za wanahisabati Stanislaw Ulam na John von Neumann katika miaka ya 1940, ikapata umaarufu mwaka 1970 ulipochapishwa Mchezo wa Maisha wa John Conway. Seli ni mraba mmoja wa daftari. Kila mraba ni mwamba au ni uwazi, na hubadilika kwa kuwatazama majirani wake tu.

Hatua ya kwanza ni kura. Tia vikaratasi 20 mkebeni, 9 vikiwa vimeandikwa "mwamba". Kwa kila mraba chomoa kimoja, andika, kisha ukirudishe. Hivyo karibu asilimia 45 ya miraba itakuwa mwamba, na hicho ndicho kiasi kinachotumiwa sana katika ramani kubwa. Ukingo wote wa nje uwe mwamba, mchezaji asije akatoka nje ya karatasi. Katika ramani ndogo ukingo una nguvu nyingi, kwa hiyo hapa nimeanza na miamba 12 tu katika miraba 40 ya ndani. Alama `#` ni mwamba, na nukta ni uwazi:

```
##########
#...##...#
#..#.##..#
#.....#..#
#.#..###.#
#....#.#.#
##########
```

Hili si pango bado, ni kama changarawe iliyomwagwa sakafuni. Hatua ya pili ndiyo ya kulilainisha. Shika mraba mmoja pamoja na majirani wake wanane, jumla miraba tisa. Hesabu miamba. Ikifika mitano au zaidi, mraba wa katikati unakuwa mwamba. Ikiwa minne au chini, unakuwa uwazi. Ni kama kupiga kura kijijini: wengi wape.

Tuchukue mstari wa 2, safu ya 3, tukihesabu mistari kutoka juu na safu kutoka kushoto. Juu yake kuna miamba mitatu ya ukingo, na chini yake, upande wa kulia, upo mmoja. Jumla minne, kwa hiyo unabaki uwazi. Lakini angalia! Jirani wake wa kushoto ana miamba mitano, naye anageuka mwamba. Ukimgeuza palepale kwenye karatasi ileile, ukija kwenye safu ya 3 utahesabu mitano badala ya minne, nao utafungwa bila haki. Ndiyo sababu lazima uwe na karatasi mbili: ya zamani unaisoma, mpya unaiandika. Vivyo hivyo kompyuta hutunza ramani mbili. Baada ya duru moja, karatasi mpya ni hii:

```
##########
##.####.##
#....#...#
#....##..#
#.....#.##
##..######
##########
```

Kumbe changarawe imekuwa pango! Jiwe lililosimama peke yake katika mstari wa 5, safu ya 3, limeyeyuka. Kishimo cha mraba mmoja kilichokuwa mstari wa 6, safu ya 7, kimezibwa. Katika ramani kubwa duru nne au tano hutosha. Ukizidisha, kuta huacha kubadilika sana na unajichosha bure.

Sasa tazama tena. Kuna vyumba viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, na hakuna njia baina yao. Kulainisha hakukuliona jambo hili, wala hakuwezi kuliona. Kila mraba unajua habari za miraba tisa tu. Haujui kama mtu wa upande ule anaweza kufika upande huu.

Basi hatua ya tatu ni mafuriko. Jifanye unamwaga maji katika mraba wowote ulio wazi, tuseme mstari wa 3, safu ya 2. Uandike namba 1. Kisha kila mraba wazi unaougusa juu, chini, kushoto au kulia uandike 1 pia, na majirani wa hao vilevile, mpaka maji yakose pa kwenda. Utapata miraba 16. Tafuta mraba wazi usio na namba, umwagie maji namba 2: utapata miraba 7. Jumla ni 23, na hakuna uliobaki. Maji yapite pale mchezaji anapoweza kupita. Ikiwa mchezo haumruhusu kwenda mshazari, nawe usiyapitishe mshazari, ama sivyo utadhani vyumba vimeungana kumbe vimegusana pembe tu.

Ukishajua namba, una njia mbili. Ya kwanza ni kukiacha chumba kikubwa na kukijaza kidogo mwamba. Njia hii ni rahisi na inafaa kwa vishimo vidogo. Hapa, hata hivyo, tungepoteza miraba 7 katika 23, karibu theluthi ya pango, na hiyo ni hasara. Njia ya pili ni kutoboa. Mwamba wa mstari wa 5, safu ya 7, una uwazi kushoto na uwazi kulia. Uvunje huo mmoja tu, vyumba vyote viwili vinakuwa pango moja.

Lakini msomaji, usithubutu kulainisha tena baada ya kutoboa! Hesabu mwenyewe miamba inayouzunguka mlango huo mpya: miwili juu, mitatu chini. Jumla mitano. Duru moja tu, na mlango umezibwa. Njia nyembamba iliyonyooka, ya upana wa mraba mmoja, ina miamba mitatu kila upande, yaani sita, nayo hufa vilevile. Kwa hiyo kulainisha kwaweza hata kuvitenga vyumba vilivyokuwa vimeungana. Utaratibu ni huu: kura, kulainisha mpaka mwisho, mafuriko, kisha kujaza au kutoboa. Ufunguo uwekwe baada ya hayo yote, katika mraba wenye namba sawa na ule anaosimama mchezaji.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika pango la kompyuta mambo ni kinyume: usipoutoboa ukuta kwa wakati wake, mchezo wote umeharibika. Haya, chukua kalamu ya risasi, lainisha ramani yangu kwa duru ya pili, uone kama vyumba vitabaki viwili.