Tekenya Miguuni, Tekenya Sakafuni

Mtoto akianza kutembea kwa visigino, vidole kavinyanyua kama anayekanyaga makaa, mtu mzima wa Kwale au Kilifi hana haja ya kuuliza. Humketisha barazani, humvuta mguu mapajani kwake na kuanza kutafuta kitone cheusi pembeni mwa kucha. Pwani huyo ni tekenya. Bara wengi humwita funza, jina linalochanganya kidogo, kwa sababu hilo hilo ni la mabuu ya nzi kwenye nyama iliyooza.

Tekenya si buu. Ni kiroboto mdogo sana, urefu wake milimita 1 tu, wala hakuwa wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na inasimuliwa kwamba mwaka 1872 alishuka Angola na meli iliyotoka Brazili, iliyobeba mchanga wa kuipa uzito. Katika miongo michache alikuwa ameshalivuka bara zima hadi upande wetu.

Anayejichimbia ni jike. Hutanguliza kichwa ndani ya ngozi na kuacha ncha ya nyuma nje, apate kupumua na kutaga. Ncha hiyo ndiyo kile kitone cheusi. Katika muda wa wiki moja hivi tumbo lake hujaa mayai na kuvimba kama punje ya mbaazi, nayo ngozi inayomzunguka huonekana nyeupe. Kwa wiki mbili au tatu huwa anayatoa mayai kupitia kitone kile, moja moja, yakidondoka popote mtoto alipo. Baadaye hufia humo humo, sehemu yake ikageuka kigaga cheusi ambacho mwili hukisukuma nje wenyewe.

Basi kabla ya kushika sindano, jua unamtazama tekenya wa umri gani. Tuseme mtoto wa miaka 6 ana matatu mguu wa kulia. Kwenye kidole gumba kuna uvimbe mweupe, umekaza, una kitone cheusi katikati, na ukitazama kwa makini unaona chembe nyeupe zimenata juu yake: huyo yuko hai na anataga. Kwenye kidole cha pili kuna doa jekundu linalowasha, na kitone hakijaonekana vizuri. Kisiginoni kuna kigaga cheusi kikavu, kisichouma. Wa kisiginoni amekwisha kufa, hana haja ya kuchimbwa. Oshwa yake na usafi vinatosha. La kidole cha pili lisubiri siku moja mbili hadi kitone kionekane, kwa sababu kuchokora bila kujua mdudu alipo ni kumjeruhi mtoto bure. Kazi yako leo ni ya kidole gumba peke yake.

Nawa mikono kwa sabuni. Uloweke mguu wa mtoto katika maji safi ya uvuguvugu yenye sabuni kwa dakika 10 hivi, ngozi ilainike, kisha uukaushe na upanguse pale mahali kwa dawa ya kuua vijidudu ya duka la dawa. Tumia sindano mpya, ile ya hospitali iliyofungwa kwenye karatasi yake. Usiitie katikati ya kitone. Ipitishe ukingoni, ulegeze ngozi pole pole kukizunguka, tundu likipanuka kidogo kidogo, mpaka mfuko ule mweupe utoke mzima. Usiuminye. Ukipasuka, mayai humwagika na vipande hubaki ndani, na vipande hivyo ndivyo vinavyoleta uvimbe na usaha siku za mbele. Ukiona umepasuka na mabaki hayatoki, acha kuchokora, safisha, umpeleke mtoto zahanati. Mfuko uliotoka mzima utie motoni, usiutupe uani.

Hapo pamebaki shimo, nalo ni kidonda kamili. Lisafishe tena kwa dawa ile ile, ulifunike kwa chachi safi, na ubadilishe kila siku, au mapema zaidi likilowa, hadi lizibe. Angalia kadi ya chanjo. Pepopunda huingia kupitia matundu madogo kama haya, na kwa kidonda chenye uchafu mtoto ambaye hakumaliza chanjo zake, au ambaye imepita miaka 5 tangu chomo la mwisho, anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Wekundu unaopanda mguuni, joto, usaha, homa, au tezi za kinena kuvimba pia si mambo ya kusubiri.

Ninaloliogopa kuliko yote ni ile pini moja ya kwenye kanga inayozunguka kwa watoto wote wa nyumba, kisha ikaazimwa na jirani. Damu ya mmoja huingia kwa mwingine, na humo mna homa ya ini na virusi vya ukimwi. Kila mtoto awe na sindano yake. Mwiba wa mti na wembe viachwe. Mafuta ya taa, petroli na dawa za shambani huunguza ngozi na huweza kumdhuru mtoto mwili mzima.

Mguu wenye tekenya wengi si wa sindano hata kidogo. Kuwatoa 20 ni kufungua vidonda 20 kwa mtoto anayelia na kushikiliwa kwa nguvu. Hapo inafaa dimetikoni, mafuta mepesi sana yanayopakwa juu ya vitone, yakapenya na kumziba mdudu pumzi bila kumchimba. Katika jaribio lililofanywa Kenya, ndani ya siku 7 yaliwaua takriban tekenya 8 kati ya 10, wakati kuloweka miguu katika maji ya zambarau ya pamanganeti kuliwaua 4 tu. Dimetikoni haipatikani kila mahali, kwa hiyo uliza kituo cha afya. Pamanganeti nayo ipimwe na mhudumu, kwa kuwa chembe zake zisipoyeyuka huunguza, na ikimezwa ni sumu kali.

Sasa rudi kwa yule mtoto. Umetoa tekenya Jumamosi, kidonda kimepona, halafu baada ya siku 18 wapya wawili. Wengi hudhani sindano haikufanya kazi. La, hao wametoka sakafuni. Mayai yaliyodondoka kabla ya Jumamosi huanguliwa baada ya siku 3 au 4. Mabuu hukaa kwenye vumbi kavu wakila takataka, kisha hujifunga katika vifuko, na kiroboto mzima hutokea wiki 3 hivi tangu yai lianguke, pengine zaidi. Mahali wanapopenda ni mchanga mkavu, mlegevu, wenye kivuli: sakafu ya udongo ya chumba wanakolala watoto, chini ya mkeka, kwenye nyufa.

Kwa hiyo anza na chumba hicho. Toa mikeka na matandiko, uyakung'ute mbali na nyumba na kuyaanika juani. Nyunyiza maji kabla ya kufagia ili vumbi lisiruke, na taka uzichome. Ziba nyufa na kandika udongo ukakamae, au weka sementi ukiweza, maana sakafu ngumu inayooshwa haiwapi mabuu pa kukaa. Mbuzi, kuku na mbwa walale kwingine. Kague nyayo za mbwa vile vile, kwa kuwa tekenya hutaga kwake kama kwa mtoto. Kila jioni watoto waoshwe miguu kwa sabuni, hata katikati ya vidole, wakaguliwe kwa tochi kabla ya kulala, na viatu vivaliwe hata ndani ya nyumba yenye sakafu ya mchanga.

Endelea hivyo kwa wiki 6 bila kuacha, hasa kiangazi, tekenya wanapozidi. Ukiona mpya baada ya hapo ilhali chumba ni safi, mfuate mtoto mchana: darasa la sakafu ya mchanga, zizi la mbuzi, au nyumba ya jirani anakocheza.