Mchoro wa Hamsini Bila Kuuchora

Siku hizi swali la mfuatano wa namba husafiri kwa simu. Mwanafunzi hupiga picha ukurasa wa kitabu, humtumia kaka au shangazi aliye mbali, kisha husubiri jibu. Katika picha huwa mna michoro midogo, tuseme miraba iliyojengwa kwa njiti za kiberiti, na chini yake maswali mawili: mchoro wa tano utakuwa na njiti ngapi, na wa hamsini je?

Swali la kwanza mtu anaweza kulichora. La pili linadai kanuni.

Mraba mmoja hutumia njiti 4. Miraba miwili iliyoshikana hutumia 7, kwa kuwa njiti ya katikati ni ya yote miwili. Mitatu hutumia 10, minne 13. Kila hatua inaongeza 3, na wanafunzi wengi wakishaona hivyo huandika n + 3, ambapo n ni namba ya mchoro. Kosa hili hujificha vizuri, maana kwa mchoro wa kwanza kanuni hiyo inatoa 4, jibu sahihi. Kwa mchoro wa pili inatoa 5, na hapo inajulikana kwamba haifai.

Kanuni ya kweli imo ndani ya mchoro. Njiti moja imesimama mwanzoni, kushoto kabisa. Baada ya hapo kila mraba unahitaji njiti tatu tu: ya juu, ya chini na ya kulia. Kwa hiyo idadi ni 3n + 1, na mchoro wa 50 una njiti 151. Mchoro wa 10 una njiti 31, lakini wa 20 hauna 62. Una 61, kwa sababu anayezidisha 31 kwa 2 ameihesabu mara mbili ile njiti moja ya mwanzo.

Sasa tuseme picha imepigwa gizani, ukurasa umejikunja, na chini ya michoro ya nukta panasomeka 3, 8, 16, 24, 35. Msaidizi makini hakimbilii kanuni. Kwanza anaandika tofauti kati ya kila namba na inayofuata: 5, 8, 8, 11. Kisha anatafuta tofauti za hizo tofauti: 3, 0, 3. Mpangilio huo unatia shaka, kwa sababu namba moja iliyosomwa vibaya huharibu hatua ya kuifikia na hatua ya kuiacha. Ikizidi kwa 1, hatua ya kwanza hurefuka kwa 1 na ya pili hufupika kwa 1. Hapa, namba ya tatu ikiwa 15 badala ya 16, tofauti zinakuwa 5, 7, 9, 11, na tofauti zake zote ni 2.

Hiyo bado ni dhana. Mchoro ndio unaoithibitisha: nukta za mchoro wa tatu zimepangwa safu 3 zenye nukta 5 kila moja, yaani 15. Mchoro wa kwanza una safu 1 ya nukta 3, wa pili safu 2 za nukta 4. Basi mchoro wa n una safu n, kila safu ina nukta n + 2, na kanuni ni n × (n + 2). Mchoro wa 20 una nukta 20 × 22, yaani 440.

Ndiyo maana anayepiga picha asikate michoro na kubakiza namba tupu. Namba peke yake zinaweza kudanganya hata zikisomeka vizuri. Mfano maarufu ni wa duara: weka alama kwenye ukingo wake, unganisha kila mbili kwa mstari ulionyooka, kisha hesabu vipande vilivyopatikana ndani. Alama moja inaacha kipande 1, kisha vinafuata 2, 4, 8 na 16. Karibu kila mtu atabashiri 32 kwa alama sita. Vikihesabiwa ni 31, na hata hivyo ni pale tu ambapo mistari mitatu haikutani mahali pamoja. Alama sita zikipangwa kwa umbali sawa kabisa, mistari mitatu hukutana katikati, kipande kimoja hutoweka na hubaki 30. Kwa alama saba, mistari isipokutana hivyo, vipande ni 57, mbali kabisa na 64 ambayo aliyeendelea kuzidisha kwa 2 angeiandika.