Soma Kinyumenyume: Jinsi ya Kuelewa Vyeo vya Polisi

Jirani yangu ni fundi seremala. Siku moja alinijia na barua yenye nembo ya Jeshi la Polisi. Ilimtaka afike makao makuu ya polisi ya mkoa kueleza habari za mbao alizouziwa, ambazo mwenyewe hasa alikuwa anazitafuta. Mbao hazikumtia hofu. Kilichomkosesha raha ni mistari mitatu ya chini: jina la mtu, chini yake herufi SSP, na chini yake tena maneno "Kny: Kamanda wa Polisi (M)".

"Huyu SSP si mkubwa kuliko ACP?" akaniuliza. "Ana S mbili."

Nilimwelewa. Redioni tunasikia SACP, ACP, SSP na ASP kila wiki, na sikioni zote zinafanana. Herufi hizo ni za maneno ya Kiingereza, lakini cheo chenyewe tunakitaja kwa Kiswahili, na Kiswahili hukipanga kwa mfuatano wa kinyume. Ndiyo maana njia nyepesi ya kuzisoma ni kuanzia mwisho.

Chukua SACP. Herufi ya mwisho, P, ni jeshi lenyewe, yaani Polisi. Iweke kando kwanza. Inayoitangulia ni C, Kamishna, na hicho ndicho kiini cha cheo. Ukizidi kurudi nyuma unakuta A, Msaidizi, kisha S, Mwandamizi. Sasa irudishe ile P, nawe umepata Kamishna Msaidizi Mwandamizi wa Polisi, neno kwa neno kama jeshi lenyewe linavyoandika. Jaribu na SSP: P iweke kando, S ya kati ni Mrakibu, S ya mbele ni Mwandamizi. Mrakibu Mwandamizi wa Polisi. Kumbe zile S mbili za fundi si mbili za kujumlishwa. Moja ni jina la cheo, nyingine ni sifa yake. DCP inakataa kanuni hii, kwa sababu neno Naibu kwa Kiswahili hutangulia: Naibu Kamishna wa Polisi.

Ukishajua kiini, ukubwa hausumbui. Kiini cha Kamishna kiko juu ya kiini cha Mrakibu, hata kikiwa na Msaidizi mbele yake. Kwa hiyo ACP, Kamishna Msaidizi, ni mkubwa kuliko SSP, Mrakibu Mwandamizi. Ndani ya kiini kimoja, Msaidizi yuko chini na Mwandamizi anapandisha ngazi moja: ASP, kisha SP, kisha SSP. Baada yao wanakuja ACP na SACP, halafu DCP, halafu CP ambaye ni Kamishna kamili, na juu ya wote IGP, Inspekta Jenerali. Chini ya ASP wamo wakaguzi, na chini yao sajini meja, stesheni sajini, sajini, koplo na konstebo. Neno Msaidizi lisikudanganye ukadhani huyo ni karani wa mtu fulani. Kamishna Msaidizi anaweza kuwa na mkoa mzima mkononi mwake.

Na hapo ndipo panapozaliwa mkanganyiko mkubwa zaidi, ambao hata waandishi wa habari huutumbukia: kuchanganya cheo na wadhifa. Cheo ni cha mtu, anahama nacho. Wadhifa ni wa kiti, na akihama anakiacha. RPC ni Kamanda wa Polisi wa Mkoa, OCD ni Mkuu wa Polisi wa Wilaya, OCS ni Mkuu wa Kituo, RCO ni Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachovaliwa begani. Wasikilizaji wa Dar es Salaam walizoea kusikia "Kamanda wa Polisi Kanda Maalum, SACP Jumanne Muliro". Sentensi hiyo imebeba vyote viwili: Kamanda wa Kanda Maalum ni kiti, SACP ndicho cheo. Camillus Wambura naye, kabla ya kuwa IGP Julai 2022, magazeti yalimwita DCI. Ukiipitisha DCI kwenye kanuni yangu ya kinyumenyume utapotea, maana si cheo hata kidogo. Ni Mkurugenzi wa Upelelezi wa Makosa ya Jinai.

Tena DCI hiyo hiyo ukiikuta kwenye barua ya Uhamiaji inageuka cheo, Naibu Kamishna wa Uhamiaji, kwa kuwa herufi yao ya mwisho ni I. Zimamoto wanamalizia na F, ndipo tunapopata ACF na SACF. Magereza wanashika P ile ile ya polisi, kwa hiyo ACP wa gereza na ACP wa polisi wanaandikwa sawasawa. Hapo herufi haziwezi kukusaidia. Tazama kichwa cha barua, au sare yenyewe.

Jeshi la Wananchi lina ngazi zake, na kwa bahati nzuri magazeti yetu huzitaja kwa maneno kamili: Luteni, Kapteni, Meja, Kanali. Begani, Luteni Usu ana nyota moja, Luteni mbili, Kapteni tatu. Kitendawili chao ni kimoja tu. Meja ni mkubwa kuliko Luteni, lakini Luteni Jenerali ni mkubwa kuliko Meja Jenerali. Sababu ni ya kale, ya majeshi ya Ulaya: cheo cha Meja Jenerali kilikuwa kirefu zaidi, Sajini Meja Jenerali, kisha neno Sajini likadondoka njiani. Luteni maana yake ni mtu anayeshika nafasi ya mwingine, na anayeshika nafasi ya Jenerali hawezi kuwa chini ya sajini wake.

Turudi kwenye barua. "Kny" ni kwa niaba ya. Maana yake aliyetia saini siye Kamanda. Ni ofisa mwenye cheo cha SSP aliyeandika kwa niaba ya kiti cha Kamanda. Nikamwambia fundi akifika asimtafute Kamanda, aulizie lile jina lililo juu ya SSP, na ataje namba ya kumbukumbu ya barua.

Alirudi jioni na kikaratasi kingine, kachanganyikiwa upya. Ameambiwa maelezo yake atayachukua mtu aliyeandikwa hivi: herufi moja, nukta, tarakimu nne, kisha D/CPL na jina. "Huyu ni naibu wa nani tena?" Si naibu. Herufi ya kwanza na tarakimu zile ni namba yake ya jeshi, wala hazina uhusiano na ukubwa. CPL ni Koplo, mwenye tepe mbili mkononi. Na D iliyofuatwa na mkwaju ni Mpelelezi, ndiyo maana unaweza kumkuta amevaa shati la kawaida, bila tepe wala nyota ya kuhesabu. Askari wa kike, alama yao WP huja kabla ya tarakimu.

"Basi koplo," akasema fundi, akakikunja kile kikaratasi. "Na mimi nilikuwa nimeshapiga pasi suti."